Jua la Agosti 2027: usilitazame kama mwezi

"Septemba 2025 tulitazama mwezi umepatwa kwa macho matupu. Jua litakapopatwa 2027 nalo tulitazame hivyohivyo?"

Hapana, ndugu yangu. Usiku ule dunia ilikaa katikati, kivuli chake kikaufunika mwezi; wekundu ule haudhuru jicho. Tarehe 2 Agosti 2027 mwezi ndio utakaokaa katikati, na kivuli chake cheusi ni ukanda mwembamba utakaopita Makka. Ndiyo maana mahali pamoja hungoja karne kadhaa, kwa wastani, kupata giza kamili. Huku Mombasa tutaona jua limemegwa tu, na kipande kinachobaki huunguza jicho bila maumivu. Miwani ya kawaida haitoshi. Tafuta yenye alama ISO 12312-2. Ukikosa, toboa kadibodi kwa sindano, lipe jua mgongo, tazama taswira yake kwenye karatasi.