Triga za kubana kwenye simu, zinafaa kununua?

"Wakuu, hizi triga za kubana juu ya simu za PUBG Mobile zinasaidia kweli au nitupe hela?"

Mkuu zinasaidia kama unacheza kwa dole gumba mbili, ila kama ushazoea vidole vinne usihangaike, kidole cha shahada kinafanya kazi ileile bure. Faida yake ni moja tu, unafyatua kwa kidole cha juu huku dole gumba la kulia linaendelea kulenga, yani husimami kulenga ili upige.

Chukua zile za kawaida zisizo na betri. Zile za umeme zinazopiga zenyewe mfululizo achana nazo, unaweza kulambwa ban. Hizi za kawaida zinapitisha umeme wa mwili wako hadi kile kimpira kinachogusa skrini, ndo maana ukiibonyeza kwa kofia ya kalamu haijibu, hapo haijafa. Protekta nene nayo inaua mguso.

Ukishaibana ingia setingi za gemu, sogeza kitufe cha kufyatua cha kushoto kikae chini ya kimpira kabisa, cha skopu weka kulia, vikuze kidogo maana triga huwa inateleza. Kama inakosa kosa washa "Show taps" kwenye Developer options ubonyeze, alama isipotokea shida ni triga au protekta, ikitokea pembeni basi kitufe ndo kimekaa vibaya. Na angalia isikalie kitufe cha sauti, inakera balaa.