Hali za Mchanga, Tope na Theluji: Kinachobadilika Ndani ya Gari

Land Rover Discovery 3, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 2004 na ambalo nimelizoea kuliko mengine, lina kirungu cha kuchagua aina ya ardhi. Kirungu hicho hakiongezi nguvu ya injini. Kinaamua mapema difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ifungwe kwa kiasi gani, na kompyuta ivumilie tairi linalozunguka bure kwa muda gani.

Tuseme ekseli ya mbele imekanyaga tope linaloweza kupokea torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni-mita 300 tu, ilhali ya nyuma ipo kwenye ardhi inayoweza kupokea 1,200. Difu ya kati ikiwa huru, ekseli ya nyuma hupata 300 zilezile za mbele, na gari zima husukumwa na 600. Klachi ya difu ikijifunga, ekseli zote mbili hulazimika kuzunguka kwa kasi moja, na ya nyuma inaweza kutumia 1,200 zake zote.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye udhibiti wa utelezi, ambao una silaha mbili: kufunga breki ya tairi linaloteleza, au kuipunguza injini nguvu. Hali ya theluji hulegeza mwitikio wa pedali ya mafuta, huondoa gari kwa gia ya pili na haivumilii utelezi, kwa sababu imekusudiwa ardhi ngumu iliyofunikwa na tabaka jembamba linaloteleza. Kwetu theluji ni adimu, lakini barabara za udongo mwekundu za milima ya Usambara baada ya mvua ni ardhi ya namna hiyo hasa, na huko ndiko ninakoitumia.

Kwenye mchanga mkavu tabia hiyo ni balaa. Mchanga hulizuia gari muda wote, hivyo injini ikipunguzwa nguvu mwendo hufa na tairi huzama. Dalili yake ni taa ya utelezi kumetameta huku ukikanyaga mafuta na injini haiitikii. Hali ya mchanga huifanya pedali iitikie haraka. Pakiwa laini sana, mimi huzima pia mfumo wa uthabiti. Kabla ya hayo yote napunguza upepo hadi pauni 18 hivi, maana hakuna kompyuta inayoweza kupanua tairi. Mchanga wenye maji unaozamisha nauhesabu kuwa tope, kwani hali ya tope huruhusu tairi kuzunguka kiasi cha kujisafisha meno.

Magari madogo ambayo ekseli yake ya nyuma huunganishwa kwa klachi inapohitajika yana vitufe vya aina hiyo pia, ila klachi yao hupata moto haraka kwenye mchanga mzito na kompyuta huitenganisha ili isiungue. Ukiona tairi za mbele zinachimba peke yake na onyo limewaka, ondoa mguu kwenye mafuta na uiache ipoe kabla ya kujaribu tena.