Jumatatu ya Saba Saba kwenye Rekodi za Mahudhurio

Wewe uliyepangiwa ofisi ya utumishi ya kiwanda hapa Mbeya, kazi yako ya kwanza mara nyingi itakuwa ripoti ya utoro na uchelewaji: siku gani ya wiki imezidi, idara gani imezidi. Utapewa faili la mashine ya alama za vidole na kuambiwa liletwe limeshapangwa kabla ya kikao.

Kabla hujagusa faili, elewa kwamba mashine ya kidole haina habari ya mtoro. Inamwandika aliyekuja tu. Utoro unaupata kwa kutoa: zamu zilizotarajiwa kwenye rota, toa waliogonga kidole, toa walio likizo, toa wenye karatasi ya ED kutoka hospitali, toa sikukuu. Kinachobaki ndicho utoro. Kwa hiyo tengeneza kwanza orodha ya zamu zilizotarajiwa, mstari mmoja kwa mtu mmoja kwa siku moja, ndipo ulete faili la mashine juu yake. Anayeanza na faili la mashine peke yake huishia kuhesabu mahudhurio na kuyapa jina la utoro.

Tuchukue Julai 2025 tuone. Tuseme idara ya ufungashaji ina watu 40, wawili wako likizo mwezi mzima, wamebaki 38. Kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni na saa moja ya mapumziko katikati, yaani saa 45 kwa wiki, kikomo cha kawaida cha sheria ya kazi ya mwaka 2004. Umetoa likizo na ED, ukapata utoro huu: Jumatatu 18, Jumanne 20, Jumatano 15, Alhamisi 15, Ijumaa 16.

Ukipeleka namba hizo zilivyo, kikao kitaondoka kikiamini tatizo ni Jumanne. Lakini tazama kalenda. Julai ile ilikuwa na Jumanne tano, Jumatano tano na Alhamisi tano, Ijumaa nne na Jumatatu nne. Na moja ya hizo Jumatatu, tarehe 7, ilikuwa Saba Saba. Jumatatu za kazi zilikuwa tatu tu. Zamu zilizotarajiwa Jumatatu ni 3 mara 38, yaani 114, na Jumanne ni 190. Sasa gawanya: Jumatatu asilimia 15.8, Jumanne 10.5, Jumatano na Alhamisi 7.9, Ijumaa 10.5. Picha imegeuka. Na ungesahau kuitoa Saba Saba, watu wote 38 wangeingia kama watoro, na Jumatatu ingeruka hadi karibu asilimia 37. Mtu angeitiwa kikao cha nidhamu kwa kosa la kupumzika sikukuu ya taifa.

Usiishie hapo, maana asilimia ya siku ya wiki inachanganya tarehe zisizofanana. Fungua Jumanne moja moja. Tuseme kati ya wale 20, tisa walikosekana tarehe 8, kesho yake ya Saba Saba. Jumanne nne zilizobaki zina 11 katika zamu 152, asilimia 7.2, karibu sawa na katikati ya wiki. Fungua na Ijumaa: saba kati ya 16 ni wa tarehe 4, Ijumaa iliyotangulia mapumziko marefu. Ukiitoa hiyo, Ijumaa nayo inarudi asilimia 7.9. Basi Jumanne haina tatizo, na Ijumaa haina tatizo. Kuna watu waliounganisha siku ili wafike nyumbani, Kyela, Tukuyu au Makete, na kuna Jumatatu ambayo ni nzito kweli hata bila sikukuu. Hayo ni mambo mawili, na dawa zake ni mbili. La kwanza linamalizwa kwa kukubaliana mapema nani atachukua siku ya likizo yake ya mwaka. La pili linahitaji kuangalia majina: je, wale 18 wa Jumatatu ni watu 18, au ni watu sita waliokosa Jumatatu zote tatu?

Swali la majina ni zito zaidi kwenye idara ndogo. Karakana yenye mafundi wanne ina zamu 12 tu katika Jumatatu tatu. Fundi mmoja akikosa mara mbili, karakana inaonyesha asilimia 16.7 na kuonekana imeipita idara ya ufungashaji. Kila asilimia unayoiandika, weka pembeni yake idadi ya zamu na idadi ya watu. Idara kama hiyo mimi siilinganishi na nyingine mpaka nipate miezi kadhaa.

Uchelewaji una hesabu yake. Kwanza, unagawanya kwa waliokuja, si kwa waliotarajiwa, kwa sababu asiyekuja hawezi kuchelewa. Pili, soma sekunde. Mashine hutunza sekunde, ila ripoti yake iliyopangwa huzificha, kwa hiyo omba faili ghafi. Utaona mistari kama hii:

```
07:01:12  UFU-07
07:01:20  UFU-31
07:01:28  UFU-19
07:01:37  UFU-02
07:24:50  UFU-11
```

Wanne wa juu wamepishana sekunde nane au tisa. Hao walikuwa wamesimama kwenye foleni. Wa mwisho ndiye aliyechelewa.

Piga hesabu ya mlango wenyewe. Watu 100 wa uzalishaji na ufungashaji wakitumia mashine moja, kila mmoja sekunde nane, wanahitaji sekunde 800, zaidi ya dakika 13. Wa kwanza akigonga saa 12:52, ni watu 60 tu watakaopita kabla ya saa 1 kamili. Arobaini wataandikwa wamechelewa hata kama wote walikuwa getini. Kama mashine iko upande wa uzalishaji, hao arobaini watakuwa wengi wao wa ufungashaji, mwezi baada ya mwezi, na ofisini kwenye watu 12 wanaoanza saa 2 hakuna atakayechelewa. Na kwa baridi yetu ya Juni na Julai vidole vinakauka na kupasuka, mashine inakataa mara mbili tatu, na sekunde nane zinakuwa kumi na tano.

Foleni hii inavuruga hata siku za wiki. Jumatatu wakikosekana watu 15, foleni inapungua, na wanaoandikwa wamechelewa wanashuka kutoka 40 hadi 25. Ukiona utoro unapanda siku ileile uchelewaji unaposhuka, nenda kasimame mlangoni saa 12 na dakika 50 kabla hujaandika sentensi yoyote kuhusu idara. Ukikuta foleni, omba mashine ya pili, na kwa sasa hesabu uchelewaji kwa waliogonga baada ya foleni kukatika.

Ukiwa hapo mlangoni, angalia pia rota ya ukutani. Msimamizi ameandika saa 1:00, mashine inasoma 07:00, na anayeingiza rota kwenye kompyuta bila kuongeza saa sita anafanya idara nzima ionekane imechelewa kwa saa sita. Zamu ya usiku nayo ipe siku iliyoanzia: mlinzi aliyeingia Jumapili saa 4 usiku na kutoka Jumatatu saa 12 asubuhi ni wa Jumapili, la sivyo Jumapili atakosa kutoka na Jumatatu atakosa kuingia.

Hesabu ya Julai ijaribu kwa Agosti. Mwaka ule Nane Nane iliangukia Ijumaa. Kama watu wanaunganisha siku kweli, utoro utapanda Alhamisi tarehe 7 na Jumatatu tarehe 11. Uchelewaji wa wiki ile uutazame peke yake, kwa kuwa maonyesho yako viwanja vya John Mwakangale na daladala za Uyole zinajaa tangu alfajiri.