Dakika 11 kwa maneno 4,812: kabla hujamwita mwanafunzi mwizi, soma faili vizuri

Msimu wa ripoti za field ukifika hapa Moshi inbox inajaa, na siku hizi walimu wengi tumejifunza kamchezo kamoja, unafungua faili kwenye Word, unaenda File > Info, unaangalia Total Editing Time, ukikuta dakika chache unasema huyu kakopi. Mi nasimamia ripoti hizi chuoni na nakwambia hiyo namba ni ya kweli ila haisemi unachodhani inasema.

Kuna dogo mmoja aliyefanya field kwenye AMCOS ya kahawa huko Kibosho, kanitumia ripoti kwa WhatsApp. Kitu cha kwanza, ile tarehe unayoiona kwenye folda ya laptopu yako achana nayo, hiyo mara nyingi ni siku wewe ulipodaunlodi. Tarehe zenye maana ziko ndani ya faili. Docx ni zipu tu, kwa hiyo tengeneza kopi, badilisha mwisho wa jina kutoka .docx kuwa .zip, fungua, ingia folda ya docProps. Mimi natumia Linux kwa hiyo naandika hivi:

```
unzip -p ripoti.docx docProps/app.xml
unzip -p ripoti.docx docProps/core.xml
```

Kati ya vilivyotoka, hivi ndivyo vya kuangalia:

```
<TotalTime>11</TotalTime>
<Words>4812</Words>
<cp:revision>3</cp:revision>
<dc:creator>HP</dc:creator>
<dcterms:created ...>2024-05-14T05:20:00Z</dcterms:created>
```

TotalTime ni dakika. Gawanya maneno 4,812 kwa 11 unapata kama maneno 437 kwa dakika, na hata yule dada wa steshenari anayetaipu bila kuangalia kibodi hafiki hata robo ya hapo. Basi kazi haikutaipiwa ndani ya faili hili. Hapo ndo mwisho wa ushahidi, haijasema imetaipiwa wapi wala na nani. Hiyo Z mwisho wa saa inamaanisha saa za UTC, kwetu ongeza 3, yaani ni saa mbili na dakika 20 asubuhi, na nimeona mtu anataka kumbana mwanafunzi eti faili limetengenezwa alfajiri kumbe hajaongeza masaa. Na HP? Usihangaike nayo kabisa. Nusu ya mafaili ya mji huu yameandikwa na HP, USER na Admin kwa sababu watu wanaandika kwa mkono au kwenye simu afu wanaenda kumalizia steshenari kwenye kompyuta ya watu.

Namba hiyo inadanganya pia upande wa pili. Kuna ripoti nyingine ilikuja na TotalTime ya 2940, sawa na masaa 49, ukiangalia haraka unasema huyu kajituma kweli. Ila Word inahesabu muda faili likiwa wazi, haihesabu vidole vyako, mtu anaweza kuacha laptopu wazi akaenda kula ndizi nyama huko na hesabu inaendelea. Na ukifanya Save As kwa jina jipya hesabu inaweza kuanza upya, kwa hiyo mtu aliyehangaika wiki nzima anaweza kuonekana ana dakika mbili.

Hapo ndo naingia kwenye word/document.xml, na hii wengi hawaijui. Word inagawa namba za bahati nasibu zenye tarakimu 8 zinazoitwa rsid, kila ukisevu na kuendelea kuandika unapata namba mpya, na kila kipande cha maandishi kinabaki na namba ya kipindi kilipoingizwa. Ripoti iliyoandikwa kwa siku nyingi inakuwa kama kanga iliyoshonwa viraka, aya moja ina rsid tatu nne, neno hili limebadilishwa Jumanne, sentensi ile imechomekwa wiki iliyofuata. Ile ya masaa 49 karibu mwili wote ulikuwa na rsid moja, yaani inaelekea maandishi yaliingia kwa mkupuo halafu faili likakaa wazi. Angalizo, hizi namba mtu anaweza kuzizima kwenye settings za Word, na faili lililotoka moja kwa moja Google Docs mara nyingi linakuja na rsid za masifuri matupu 00000000, hilo siyo kosa la mtu.

Ya dogo wa Kibosho nayo ilikuwa hivyohivyo, mwili rsid moja, ila kava na vichwa vya habari vina nyingine. Yaani mtu kapesti mwili afu akapanga kava. Sasa swali ni kapesti kutoka wapi, na hilo faili haliwezi kujibu, nikamuuliza mwenyewe bila kumtuhumu. "Shikamoo mwalimu, nimeandikia kwenye simu, Google Docs, steshenari tumepesti tu ili tuweke kava." Nikamwomba anishee kwa ruhusa ya kuedit, kwa sababu ukipewa ya kusoma tu historia huioni. Ukishapata unaingia File > Version history > See version history, na bonyeza kile kimshale pembeni ya kila tarehe maana Google inafunga mabadiliko mengi pamoja, usipokifungua unaweza kudhani kazi ya masaa matatu ni pesti moja.

Historia ilikuwa tamu. Sehemu ya malipo ya wakulima imeanza na mistari miwili, ikafutwa, ikarudi na jedwali, jedwali likahamishwa juu, kiasi cha kilo kikasahihishwa siku nne mbele. Hivyo ndivyo mtu anavyoandika, anarudi nyuma. Ila sura ya pili, saa tano na dakika 40 usiku, aya nne zimetokea kwa pamoja zikiwa na nukta na koma zote mahali pake, na tangu siku ile hadi mwisho hakuna herufi iliyoguswa. Jedwali nalo lilitua kwa mkupuo lakini nikaliacha, alikuwa na daftari lake la field lenye namba zilezile. Pesti peke yake siyo tatizo, mi naangalia kilichoipata baada ya kutua, na kama chanzo chake kipo.

Nikamuuliza hizo aya nne tu. Akasema zimetoka kwenye ripoti ya kaka yake wa mwaka wa nyuma. Basi akaandika upya sura ya pili na kutaja vyanzo, sura nyingine zikabaki zilivyo, maana ushahidi wake ulikuwepo. Kama ningeishia kwenye zile dakika 11 angepata sifuri ya ripoti nzima.

Historia nayo ina mapengo. Akibonyeza Make a copy kopi mpya haiji na historia ya zamani, inaanza siku hiyo. Na mjanja anaweza kukaa na maandishi ya mtu kwenye skrini nyingine akayataipu mwanzo mwisho, hapo hutaona pesti yoyote, utaona tu maandishi yanaenda mbele mstari kwa mstari bila kurudi nyuma hata mara moja. Hilo linanipa shaka, ila shaka haijazwi kwenye fomu ya maksi, kwa hiyo namkalisha anielezee jedwali lake kwa mdomo, dakika kumi zinatosha.

Siku hizi nawaambia kabla hawajaenda field, fungueni dokumenti moja, nisheeni link yenye ruhusa ya kuedit siku hiyohiyo, andikeni humohumo, na ukiandika kwenye daftari piga picha kurasa kabla ya kumpelekea dada wa steshenari, zile picha ndo zitakuwa historia yako.