Birika la Pande Sita

Swali la wiki: "Je, simu zimetufanya tusione tena mahali tunapotembelea?"

Ndiyo. Tena mimi naweza kuonyesha kwa kidole pale ambapo sikuona: ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Nilisimama humo karibu saa nzima, nikatoka na picha zaidi ya mia moja, na leo nikifumba macho napata nguzo, kuba na kivuli, basi. Nguzo ngapi, sijui. Mwanga uliingilia wapi, sijui. Nafundisha historia, na msikiti ule nimekuwa nikiutaja darasani kila mwaka.

Nilikwenda Juni ya mwaka juzi, shule zikiwa zimefungwa, kwa nauli yangu mwenyewe. Nia ilikuwa nipige picha za kutosha, kisha Julai niwaonyeshe Kidato cha Pili kwa projekta, waache kudhani Kilwa ni neno la kukariri kwa ajili ya mtihani. Kibali nilikata Kilwa Masoko, nikapewa kijana wa kuniongoza, tukavuka kwa mashua. Nilikaa siku tatu na nikapiga picha 312. Nilizihesabu nikiwa kwenye basi la kurudi.

Basi lilifika Mbagala Rangi Tatu jioni. Wanaopajua hapo saa kumi na mbili hawahitaji maelezo. Nilikuwa na begi mgongoni na mfuko wa korosho mkononi, simu mfuko wa mbele wa begi, na mlango wa daladala una watu kumi na watano wanaotaka kupita kwa pamoja. Nilipopata kiti, zipu ilikuwa wazi. Kwa dada yangu niliazima simu nikafunga laini, kesho yake nikaenda polisi kuandikisha. Picha hazikuwa zimepanda mtandaoni hata moja. Nilikuwa nimeipanga simu isubiri waifai ndipo ipandishe, ili isinimalizie bando, na siku zote tatu sikupata waifai. Kwa hiyo hesabu ya 312 ndiyo niliyobaki nayo.

Usiku ule dada alinipa daftari la mwanawe lililobaki kurasa nyingi. Nikaandika mpaka saa nane. Sikuandika kwa mpangilio wa vitabu, maana nilipoanza na "Kilwa ilikuwa dola kubwa" niliona najiandikia vitabu, siyo safari. Nikaanza upya na miguu: nilishuka kwenye mashua, maji yalifika wapi, mchanga ulikuwaje, nikageukia upande gani. Hapo vitu vikaanza kuja. Gereza, ile ngome ya kale, linakupokea ufukweni kabla ya kitu kingine chochote, na ukuta wake upande wa bahari umeliwa na maji. Kutoka hapo njia inapanda kidogo. Mibuyu. Mbuzi juu ya kaburi. Kisha msikiti, na hapo kalamu ikasimama.

Nilidhani ni uchovu. Nikaruka, nikaendelea mpaka jumba la Husuni Kubwa, na Husuni Kubwa ikanijazia kurasa nne.

Tofauti ni hii. Msikitini simu ilikuwa na chaji. Husuni Kubwa, ambayo iko mashariki ya msikiti, mwendo wa nusu saa kwa kasi yangu, tulifika simu ikiwa imezima. Nilikasirika sana. Yule kijana akasema, "Basi kaa, dada, upumzike." Nikakaa kwenye ukingo wa birika la kuogea la sultani, miguu ikining'inia. Mambo ya pale ninayo hadi leo: ukali wa jiwe la matumbawe nyuma ya mapaja, chokaa iliyobaki laini sehemu chache kama ganda la yai, joto lililokuwa likipanda kutoka chini, na bahari chini ya genge ambayo unaisikia kabla hujaiona. Nilizihisi kwa magoti ngazi zinazoshuka kuelekea majini. Kijana alinieleza kwamba jumba lile lina vyumba zaidi ya mia moja, kwamba ni la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala wakati msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, na kwamba yaelekea halikumalizwa kujengwa. Yote haya nilikuwa nikiyajua kwa kusoma. Lakini kukaa ndani ya nyumba ya mfalme ambayo mafundi waliiacha njiani ni jambo lingine.

Baadaye nilisoma kuhusu mtafiti wa saikolojia wa Marekani, Linda Henkel, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2014. Aliwatembeza watu kwenye jumba la makumbusho, akawaambia baadhi ya vitu wavipige picha na vingine wavitazame tu. Kesho yake, vile walivyopiga picha walivikumbuka vibaya zaidi. Niliposoma hivyo niliuona msikiti wangu na birika langu. Nikatangaza kwenye ofisi ya walimu kwamba mimi na simu safarini tumeachana.

Lakini sasa nifike Julai, maana huko ndiko ninakotaka kufika.

Niliingia Kidato cha Pili bila projekta. Niliwaambia ukweli kwamba simu imeibiwa, nikachukua chaki, nikachora kisiwa ubao mzima, nikawavusha. Vipindi viwili mfululizo, na hakuna aliyelala. Waliniuliza maswali ambayo picha isingeyaleta: kulikuwa na harufu gani, njiani tulikutana na nani, nilitembea dakika ngapi bila kivuli. Nilipofika kwenye birika nilichora pande sita, nikaeleza kwa madaha kabisa jinsi pande sita zile zinavyokutana. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, kitabu kinasema pande nane."

Nikamwambia nilikaa juu yake kwa makalio yangu mwenyewe. Darasa likacheka, naye akaketi. Niliona aibu yake, nikaendelea.

Usiku nikafungua daftari la mpwa wangu. Kwa mwandiko wangu, siku ileile niliyorudi: "birika lina pande nyingi, nadhani nane." Nilikaa nalo mezani muda mrefu. Kumbe nilikuwa nikijua. Sita ilitoka wapi? Nimejaribu kuifuatilia. Naamini ni kutoka ile picha iliyoko kichwani: nimekaa upande mmoja, naziona zile zilizo mbele yangu, na niliokalia mwenyewe pamoja na wa jirani haumo. Nilipomsimulia shemeji kwa mara ya kwanza nilisema "kama sita hivi". Ofisini nikasema "sita". Darasani nikachora. Kila nilipolisimulia, nilikuwa nakumbuka masimulizi yaliyopita, si birika lenyewe, na kila mara "kama" ikapungua mpaka ikaisha. Kinachonitisha ni kwamba ile ya uongo nilikuwa naiona wazi kuliko vitu vya kweli. Jiwe, joto, bahari na pande sita, vyote vina mwanga uleule. Hakuna alama inayotofautisha.

Kesho yake nilimsimamisha binti yule nikamwomba radhi mbele ya darasa, akaja yeye kufuta na kuchora nane.

Kwa hiyo anayeniuliza afanye nini simu ikiibwa na picha zake zote, namwambia jambo moja: karatasi kabla ya mdomo. Usimsimulie mtu kabla hujaandika, hata dada yako. Andika kwa kufuata miguu, na pale ambapo hakuna kitu acha nafasi wazi, usiijaze kwa vitabu. Mimi pembeni mwa kila mstari niliweka herufi: O kwa nilichoona, A kwa nilichoambiwa, S kwa nilichosoma. Niliziweka wiki tatu baadaye, nikiwa nimeshachelewa, na kuna mistari ambayo mpaka leo haina herufi. Vyumba mia na kitu, kwa mfano, nilikuwa nikivisimulia kana kwamba nilivihesabu. Ile ni A.

Nilipokuwa nakaribia kufunga jibu hili hapo, nikiwa bado upande wa wanaosema simu zimetupofusha, nimelifungua tena daftari kuhakikisha maneno, na kuna mstari ambao nimeuruka katika kila masimulizi, hata haya. "Bibi wa ukili. Picha. Nimeahidi."

Alikuwa amekaa chini ya mwembe kati ya msikiti na nyumba za kijiji, anasuka ukili. Nilimwamkia, akaniitikia, nikamwomba nimpige picha. Akanifanya nisubiri mpaka atengeneze kanga kichwani. Nilipomwonyesha aliitazama muda mrefu, akasema, "Utaniletea, mwanangu? Wanapiga wengi, hajarudi nayo mmoja." Nikasema nitaleta. Sina picha nyingine yake, wala sikuandika jina lake. Nakumbuka vidole vyake na ule ukili unavyorefuka kuelekea kwenye ndala zake. Uso hauji. Nimejaribu leo asubuhi yote, na kila uso unaokuja ni wa bibi yangu mzaa mama.

Hapa ule utafiti haunisaidii kitu. Katika picha zote 312 hii moja haikuwa kwa ajili ya kumbukumbu zangu. Kumbukumbu yangu hata ingekuwa kamili kama nini, yeye hawezi kuitundika ukutani. Niliandika mwanzoni kwamba simu imenifanya nisione, na kwa msikiti nasimamia hapo. Lakini nikisema nilikuwa heri bila picha, nasema hivyo kwa niaba yangu tu, na kuna mtu kisiwani anayenihesabu pamoja na wale wasiorudi. Kwa hiyo jibu langu limekuwa ndiyo kwa majengo, na kwa watu siwezi tena kusema hivyo. Labda ningelijibu vingine kama ningekuwa nimelichapisha lile deni siku ileile, ingawa Kilwa Masoko sikuuliza hata kama kuna studio.

Shule zinafunga mwezi ujao. Nauli ninayo. Nitashuka Masoko kwanza, niulize studio, ndipo nikate kibali. Binti wa pande nane, ambaye sasa yuko Kidato cha Nne, amenipa kazi ya kuhesabu nguzo za msikiti, na nimemwambia nitazihesabu kwa kuzigusa moja moja, simu ikiwa ndani ya begi. Itatoka nikifika kwenye mwembe.

Mwalimu wa historia, Morogoro