Mrehani unalegea mchana, udongo umelowa

"Mrehani wangu wa kwenye ndoo nyeusi darini hapa Lamu unalegea kila saa sita, na maji namwagia mara mbili. Nakosea wapi?"

Dada, usiongeze maji. Chomeka kidole: udongo ukiwa umelowa na majani yamelegea, hiyo si kiu, huenda ni mizizi inayopikika. Ndoo nyeusi juu ya saruji hushika moto mno. Wangu niliuchomoa, nikakuta mizizi ya upande wa jua la alasiri ni ya kahawia na laini. Ya upande wa pili ilikuwa myeupe.

Nikaitia ndoo ndani ya chungu kikubwa cha udongo chenye tundu chini, pengo la vidole vitatu nikalijaza makumbi yaliyoloweshwa, kisha nikakiinua juu ya vipande vya mbao. Maji alfajiri tu. Saa tano hadi tisa, kuti juu yake, lisiguse majani.