Mwanangu kachanjwa skuli, na mimi je?

"Mwanangu wa miaka 12 kachanjwa skuli sindano ya saratani ya shingo ya kizazi. Mimi nina 36, nipo Chake. Na mie nikaitafute hiyo sindano, au nikapimwe? Na yeye keshachanjwa, ndio hatopimwa tena?"

Wewe kapimwe, shoga. Sindano muachie mwanao.

Chanjo inaufundisha mwili kumtambua kirusi wa HPV, anayesababisha saratani hiyo, kabla hajaingia, na kirusi huyo huambukizwa kwa kujamiiana. Ndiyo maana wanachanjwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, hawajaanza mambo hayo. Aliyekwisha ambukizwa chanjo haimtoi kirusi wala haiponyeshi kidonda. Wewe umeolewa na umezaa, huenda ulishakutana naye zamani. Kinachokufaa ni mtu aiangalie shingo ya kizazi yenyewe.

Mimi nilipimwa Wete nikiwa na 37, kwa kipimo cha siki. Nilivua, nikajifunga kanga, nikalala kitandani. Nesi, mwanamke mwenzangu, akatia spekulam, kile kifaa cha kufungulia njia. Ni baridi na inabana, lakini hakuna kisu wala sindano. Akapaka maji ya siki kwa pamba, akaiacha dakika moja, kisha akamulika taa. Seli zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe zikipata siki. Kwangu palitokea alama nyeupe. Akachora duara kwenye kadi yangu, akatia wino kipande kidogo cha pembeni: "Hapa."

Nilitaka kulia. Akaniambia nisikilize kwanza: hiyo si saratani. Ni mabadiliko ambayo, yakiachwa, baadhi yake hugeuka saratani baada ya miaka mingi, mara nyingi 15 hadi 20 kwa mwenye kinga nzuri. Tena siki ina kasoro yake, hata uvimbe wa kawaida unaweza kuonekana mweupe, kwa hiyo wengine hutibiwa ambao pengine wasingeumwa. Yangu ilikuwa ndogo, yote inaonekana, haikuingia ndani ya njia ya kizazi, basi akaichoma siku ile ile kwa kifaa cha joto. Kinafika nyuzi 100, kinagusishwa kwa sekunde 20 hadi 30. Nilihisi maumivu kama ya hedhi, yakapita. Ingekuwa kubwa, au imeingia ndani, au inatiliwa shaka kuwa saratani, ningepelekwa mbele.

Kilichonitisha ni baada ya hapo, maana sikukielewa vizuri: majimaji yalinitoka wiki kadhaa, nikadhani nimeharibiwa. Kumbe ndivyo kidonda kinavyopona. Mume inabidi asubiri kama wiki nne, na hili mwambieni kabla hamjaenda, msije mkagombana usiku. Maji yakinuka vibaya, au ukapata homa, au damu nyingi, hapo rudi haraka. Baada ya mwaka nilirudi kuangaliwa tena, pakawa safi.

Sasa kuhusu umri. Watu wanauliza kwa nini wasianze na wasichana wa miaka 20. Kwa sababu wengi katika umri huo wanaambukizwa na mwili unamfukuza kirusi wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ukiwapima utaona alama zilizokuwa zitoweke, uwachome bure. Ndiyo maana huanzwa miaka 30, siki ikarudiwa kila miaka 3. Kituo chenye kipimo cha kutafuta kirusi mwenyewe, wanachukua majimaji kwa brashi, na ukikutwa huna unaweza kukaa miaka 5 hadi 10. Mwenye VVU anaanza mapema zaidi, miaka 25, na hurudi mara kwa mara zaidi, maana kwake mambo huenda mbio.

Na binti yako atapimwa, akifika 30. Chanjo inazikinga aina za HPV zinazosababisha saratani nyingi, 16 na 18 zikiwa ndizo zinazobeba karibu asilimia 70, lakini aina nyengine zinabaki.

Usiende ukiwa katika siku zako, damu itaficha kila kitu. Na usimburute bibi yako kwenye siki kama nilivyofanya mimi na mama, ana miaka 61. Nesi alimwangalia akasema sehemu inayotakiwa kuonekana, ule mpaka ambapo ngozi mbili zinakutana, kwa umri ule imeshaingia ndani, siki haiwezi kusema kitu. Kwake ni kipimo cha brashi. Na kama angekuwa anatokwa damu na hedhi imeshakatika, au wewe mwenyewe unatokwa damu baada ya kukutana na mumeo, hapo si kupima kwa desturi tena. Nenda hospitali, umwambie daktari hivyo hivyo bila kuona haya.